Neti ya mbu haimzuii usubi: hesabu tundu zake

*"Shikamoo daktari. Nyumba yetu iko karibu na mikoko hapa Mida. Neti tunayo, haijatoboka hata mahali pamoja, na mbu siwaoni ndani. Lakini asubuhi mimi na mtoto tunaamka miguu imejaa vipele, na vinawasha siku tatu nne. Baba yake yuko kazini Marigat karibu na mto, naye anasema kwake ni hivyo hivyo. Ni wadudu gani hawa, na neti hii inatusaidia kweli?"*

Marahaba, mama. Neti yenu inafanya kazi iliyoshonewa, na kazi hiyo ni kumzuia mbu. Wanaowauma ni wadogo kuliko mbu kiasi kwamba tundu la neti kwao ni mlango. Wala wewe na mwenzako hamuumwi na mdudu mmoja. Wa Mida huko Kilifi na wa Marigat huko Baringo ni wadudu wawili tofauti, wanaitwa jina moja kwa sababu wote ni wadogo na wote wanatoka jioni. Nianze hapo, maana nikiwachanganya nitakupa ushauri ambao utakufaa wewe halafu umponze yeye.

Jina "usubi" huku kwetu limebebeshwa mizigo mingi. Wengine wanawaita hivyo wale vidudu weusi wa matope ya mikoko, wengine nzi wa mchanga wa bara, na Tanzania ukisema usubi mtu anaweza kuelewa ule ugonjwa wa ngozi na macho unaoletwa na inzi weusi wa mito ya maji yaendayo kasi. Hao inzi weusi tuwaache kabisa, kwa sababu wanauma mchana na neti ya kitandani haiwahusu. Wako wewe nitawaita usubi wa matope, na wa baba watoto nitawaita nzi wa mchanga.

Usubi wa matope ni mweusi, ana milimita moja hadi tatu, na mayai yake anayataga kwenye tope lenye unyevu na mabaki ya majani yanayooza. Tope la mikokoni likifunuliwa na maji kupwa ndiyo nyumba yake hasa. Wapo katika jamii hii wanaoibuka kwa kufuata maji, kwa hiyo jaribu kuandika kwenye kalenda siku mnazoumwa zaidi, uone zinaangukia bamvua au maji mafu. Hilo litakwambia mengi kuhusu usubi wa hapo kwenu kuliko nitakavyokwambia mimi nikiwa mbali. Jambo jingine utakaloliona ni upepo. Kusi ikivuma sawasawa mnapumzika, na malelezi yanapoingia, upepo ukatulia na jani halitikisiki, wanakuja kwa wingu. Hawana nguvu ya kushindana na upepo. Wanaanza jua likizama, wanarudi alfajiri, na baadhi yao wanaendelea usiku kucha.

Nzi wa mchanga ana rangi ya udongo mkavu, ana manyoya, milimita mbili hadi tatu. Jina lake linawadanganya watu wa pwani, wakadhani anaishi ufuoni. Mchanga wa bahari haumhusu kabisa. Anapenda giza lenye ubaridi na unyevu kidogo: ndani ya vichuguu, kwenye mashimo ya panya na wanyama wengine, kwenye nyufa za kuta za udongo na sakafu za mazizi. Huko Marigat, ukitoka kwenye mashamba ya kumwagiliwa ya mto Perkerra ukaingia kwenye migunga na vichaka vya mathenge, vichuguu vimesimama kila mahali na mchana nzi hawa wamejificha ndani yake. Mto wenyewe hawahitaji. Wanahitaji ule udongo uliopasuka ulio kando yake, na watu na mifugo wanaolala karibu.

Katika wote wawili anayeuma ni jike, kwa sababu anahitaji damu ya kulea mayai. Na wote wawili hawana ile sauti ya mbu sikioni, ndiyo maana unaamka na vipele na hukusikia kitu.

Ukitaka kuwa na uhakika unaumwa na nani, usikisie kwa vipele. Vipele hufanana, na ngozi ya kila mtu hujibu kivyake. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida ya kuandikia, ipake mafuta ya mbarika pande zote mbili, ukikosa hayo tumia ya kupikia, itundike jioni karibu na kitanda kwenye usawa wa godoro, kisha iangalie asubuhi kwenye mwanga mzuri. Sisi tunaowachunguza wadudu hawa porini bado tunatumia mtego huohuo. Waliobandika wakiwa weusi, wadogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa, mabawa yenye madoadoa, ni usubi wa matope. Wakiwa wa rangi ya kaki, wenye manyoya na miguu mirefu iliyokonda, ni nzi wa mchanga. Akiwa hai ukutani ndiyo rahisi zaidi. Usubi wa matope hulaza mabawa bapa mgongoni, moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Nzi wa mchanga huyasimamisha mabawa juu yakaachana kama herufi V, na ukimsogezea kidole haruki moja kwa moja kama mbu, bali anadundadunda hatua fupifupi ukutani.

Sasa neti. Usiku mmoja Marigat nililala nyumba ya wageni, neti nyeupe mpya, nimeichomeka vizuri chini ya godoro. Kama saa nne usiku nilisikia mwasho kifundoni nikawasha tochi. Nzi wa mchanga mmoja alikuwa ametua upande wa nje wa neti, karibu kabisa na macho yangu. Hakujaribu kuruka apite. Alitembea kwenye uzi, akafika ukingo wa tundu, akaingiza kichwa na miguu ya mbele, akayavuta mabawa yake kwa nyuma, akatokea upande wangu. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuusoma mstari huu. Tangu siku ile sikuuliza tena kama neti imetoboka. Nauliza tundu zake ni za ukubwa gani.

Neti za kawaida za malaria, zile tunazogawiwa, zina tundu 156 kwa kila inchi ya mraba, sawa na kama tundu 24 kwa sentimita moja ya mraba. Tundu moja linakaribia milimita moja na nusu. Mbu amezidi hapo kwa mwili, miguu na mabawa yaliyotanuka. Lakini mdudu hapimwi kwa urefu anapopita tundu, anapimwa kwa unene, na nzi wa mchanga wa milimita tatu ana unene usiofika milimita moja. Usubi wa matope ni mwembamba zaidi ya huyo. Kwao wote neti ya mbu ni kama wavu wa papa kwa dagaa.

Kupima neti ni kazi ya dakika tano. Kata dirisha la sentimita moja kwa sentimita moja kwenye kadi ngumu, hata boksi la majani ya chai litafaa. Tandaza neti juu ya meza bila kuivuta, chini yake uweke karatasi ya rangi inayopingana na ya neti, kisha weka kadi juu na uhesabu tundu zilizoko ndani ya dirisha kwa ncha ya sindano. Ukipata ishirini na kitu, hiyo ni neti ya mbu. Ukifika 50 umeanza kumzuia nzi wa mchanga, ingawa hapo bado nahesabu kama mwisho wa chini. Kwa usubi wa matope nataka uone 90 au zaidi. Kwa kitambaa kilichofumwa miraba huna haja ya kuhesabu tundu zote 90: hesabu kwenye upande mmoja wa dirisha, uone kama zinafika tisa au kumi, kisha upande wa pili, na uzidishe.

Usiamini maneno ya muuzaji wala maandishi ya mfuko. Nimeona neti zimeandikwa kuwa ni za wadudu wote na kadi ikaonyesha 26. Na angalia pia kama kitambaa kinavutika. Kuna zile laini ambazo dukani tundu zinaonekana ndogo, ukiitundika ikabeba uzito wake tundu zinarefuka.

Utaniuliza kuhusu dawa iliyomo kwenye neti, maana ya serikali ina dawa. Inasaidia, kwa kiasi. Mdudu anayetembea kwenye uzi anagusa dawa kwa miguu, na wengi hufa baadaye. Neno la kuangalia hapo ni "baadaye", kwa sababu anaweza kuwa ameshauma. Mashariki mwa Sudan, neti zenye dawa ziligawiwa kwa wingi na Madaktari Wasio na Mipaka kati ya 1999 na 2001 kwa ajili ya kala-azar, ugonjwa unaobebwa na nzi wa mchanga, na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha wagonjwa walipungua kwa kama asilimia 59. India na Nepal neti za dawa zilijaribiwa kwa ugonjwa huohuo kuanzia 2006 na maambukizi hayakupungua. Nzi wa kila mahali ana tabia zake, kuna anayeuma ndani na anayeuma nje, kuna anayewahi kabla watu hawajalala. Kwa hiyo dawa ni nyongeza nzuri, lakini tundu dogo halitegemei tabia ya nzi.

Neti ya dawa usiitupe. Malaria ipo Kilifi na ipo Baringo, na neti ile inamuua mbu ambaye angeenda kwa jirani. Ukipata neti ya tundu ndogo, itundike hiyo kwa ndani na ya dawa kwa nje, zikiachana kidogo. Usubi atapita kwenye nyuzi zenye dawa kwanza, halafu agonge ukuta na kubaki katikati. Joto likikushinda na ukalazimika kubaki na moja, neti nzima ya tundu ndogo inamzuia na mbu pia, mradi mwili hauigusi, kwa sababu mbu anaweza kuuma kupitia neti iliyobanwa kwenye ngozi.

Na joto ndilo linalozivunja neti hizi, si bei. Tundu likiwa dogo hewa inapungua, mtu anavumilia siku mbili, ya tatu anaipandisha juu apate kupumua, na hapo ni sawa na kulala bila neti. Mida mna umeme? Basi feni ni dawa mara mbili. Inasukuma hewa kupitia kitambaa, na wadudu hawa wote hawawezi kuruka ndani ya upepo wa feni. Iweke chini, ielekee upande wa miguu, kwa sababu wote wawili huruka chinichini na ndiyo maana vipele vyenu viko miguuni. Ifue neti kila mwezi, maana tundu ndogo huziba kwa vumbi na chumvi ya bahari na hewa inazidi kupungua bila wewe kujua.

Kama dukani hakuna neti ya kufaa, shona. Kitambaa cha mapazia mepesi yale yanayoonyesha nje kinafaa sana, ukishakipima kwa kadi. Chukua mfano wa kitanda chenu, tuseme ni nne kwa sita. Mzunguko wake ni futi 20, kama mita sita na sentimita kumi. Ongeza nafasi ili kitambaa kisikaze na kisiguse mwili, nunua mita saba. Urefu wa kushuka unahitaji mita moja na nusu juu ya godoro na nusu mita ya kuchomeka chini yake, jumla mita mbili, na vitambaa vingi vya pazia vina upana unaozidi hapo, kwa hiyo upana wa kitambaa ndio unakuwa kimo cha neti na unapata mshono mmoja tu wa kusimama. Juu weka shuka ya pamba, futi nne kwa sita na ziada ya pindo. Ile nusu mita ya chini fundi aipige kitambaa cha pamba kizito kidogo, maana ndiyo inayosuguliwa na godoro kila siku na ndiyo huchanika kwanza. Mwambie asiweke mlango. Mlango wa kupishana vitambaa unaonekana mzuri mchana, na usiku ndipo wanapopitia. Mtainua upande mmoja, mtaingia, mtachomeka.

Fundi akimaliza, kagua mishono. Sindano nene huacha tundu kwenye kila hatua ya uzi, na kwa usubi hilo ni tundu kamili. Kunja pindo mara mbili ndipo ashone. Kisha usiku wa kwanza ingia ndani na tochi baada ya nusu saa, umulike pembe za juu na sehemu ya mshono. Ukiona vidudu vyeusi vimetua upande wa ndani, huko ndiko panapovuja.

Neti, hata iwe nzuri vipi, inakulinda saa za kulala tu. Usubi wa matope anaanza wewe ukiwa bado jikoni nje au umekaa barazani na mtoto. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili mfunike miguu: suruali, soksi, leso ndefu iliyofika kifundoni. Dawa ya kupaka ngozi ya kufukuza wadudu, yenye DEET asilimia 20 hadi 30, inafanya kazi kwa wote wawili. Mtoto mpake wewe, mikono yake uiruke maana anaitia mdomoni. Moshi wa vifuu au kinyesi cha ng'ombe huwapunguza kweli, lakini usiuwashe ndani ya nyumba anamolala mtoto mdogo. Kifua chake kitalipa zaidi ya miguu.

Kwenu Mida shida ni mwasho na vidonda vya kukuna. Kilifi haimo kwenye maeneo yanayojulikana kwa kala-azar. Osha vipele kwa sabuni, mkate mtoto kucha, na kipele kikitoa usaha au kikivimba na moto, mpeleke zahanati.

Kwa baba watoto hali ni nyingine, na hapa naomba umpigie simu leo. Baringo ni eneo la kala-azar. Vimelea vyake vinaingia kwa kuumwa na nzi wa mchanga, vinakaa kwenye wengu, ini na uboho, na asiyetibiwa karibu wote hufa. Dalili hazianzi kesho yake, huchukua wiki hata miezi, kwa hiyo anaweza kuja likizo Mida ndipo augue, na daktari wa pwani akafikiria malaria peke yake. Homa iliyozidi wiki mbili, imepimwa malaria ikakosekana au imetibiwa na haijaondoka, mwili unakonda, tumbo linajaa upande wa kushoto chini ya mbavu: akiwa na hayo aseme mwenyewe kwamba amekaa Marigat na aombe kipimo cha kala-azar. Ni tone la damu ya kidole na majibu hutoka siku hiyohiyo. Matibabu yaliyozoeleka Kenya ni sindano kila siku kwa siku 17, dawa mbili pamoja, na yanaponya. Akiwa huko huko bara, Chemolingot na Kacheliba ni hospitali zenye mazoea na wagonjwa hawa.

Mwambie pia jioni asikae juu ya kichuguu wala kuegemea. Wachungaji wengi wameupatia ugonjwa hapo, wakipumzika mifugo ikirudi, saa ileile nzi wanapotoka ndani kutafuta damu. Kitanda akisogeze mbali na ukuta wenye nyufa, na nyufa azizibe kwa udongo au saruji.

Kama pesa iliyopo ni ya neti moja tu, ishone ya kitanda chake uitume Marigat. Wewe na mtoto mna upepo wa bahari, na feni kama umeme upo, na neti ya dawa ibaki palepale kwa ajili ya mbu. Kabla hujaifunga kuituma, pitisha kadi yako pembe zote nne, na umwandikie kwamba aichomeke chini ya godoro kabla giza halijaingia, si saa anayokwenda kulala.